Kuomba Unafuu wa Pango la Fremu Wakati wa Msimu Mgumu: Mwongozo kwa Wapangaji wa Maduka Mkoani Katavi

Mwenye duka mjini Mpanda huishi kwa kalenda mbili zisizopatana. Ya kwanza ni ya mkulima. Mvua huanza kunyesha mkoani Katavi kuelekea Novemba na kuendelea hadi Aprili, na katika miezi hiyo fedha ya kijijini huwa imezikwa ardhini pamoja na mbegu na mbolea. Mahindi, mpunga na karanga vinapovunwa, na tumbaku inapopimwa, fedha hurudi mjini, nazo barabara za Kashaulili na Makanyagio hujaa wanunuzi. Kalenda ya pili ni ya mkataba wa pango. Kwa desturi iliyoenea nchini, mwenye fremu hudai pango la miezi sita au la mwaka mzima kwa mkupuo, na mara nyingi tarehe ya mkupuo huangukia Januari, mwezi uleule wa ada za shule na wa wateja kuadimika.

Makala haya yanamhusu mpangaji ambaye duka lake ni zima lakini pango lake linadaiwa kwa wakati usiofaa. Mpangaji wa namna hiyo mara nyingi huomba kitu kisichomfaa sana. Huenda kwa mwenye fremu kuomba apunguziwe bei, naye mwenye fremu, ambaye huiona bei kuwa thamani ya jengo lake, hukataa. Pengine ombi lingesikilizwa kama lingehusu tarehe za malipo na kuiacha bei ilivyo.

Ni vyema ieleweke mapema kwamba hakuna chombo cha umma kinachoweza kumlazimisha mwenye fremu binafsi kutoa unafuu huo. Sheria ya Udhibiti wa Pango ya mwaka 1984 ilifutwa mwaka 2005, na tangu hapo pango la duka ni suala la mapatano kati ya pande mbili. Hata hivyo mapatano hayo yanalindwa na sheria. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inamruhusu mtu aliyeahidiwa jambo kulisamehe lote au sehemu yake, au kumwongezea muda aliyeahidi. Maana yake ni kwamba mwenye fremu akikubali kungoja, kukubali kwake kuna uzito, mradi kuweze kuthibitishwa. Mabishano mengi huzaliwa kwenye sharti hilo la mwisho.

Maneno matatu yasichanganywe

Katika mazungumzo ya kawaida mpangaji husema "nisaidie kidogo", na mwenye fremu hujibu "haya, tutaangalia". Kila mmoja huondoka na maana yake. Mpangaji anaweza kudhani amesamehewa nusu ya pango la Februari, ilhali mwenye fremu anajua tu kwamba hajalipwa.

Msamaha ni pale sehemu ya pango inapofutwa na haitadaiwa tena. Punguzo ni bei mpya kwa kipindi fulani, kwa mfano shilingi 120,000 mahali pa 150,000 kwa miezi minne, kisha bei ya zamani inarudi. Ahirisho ni deni lilelile kulipwa siku nyingine. Katika mkoa ambao fedha hupotea na kurudi kwa msimu, ahirisho ndilo ombi la haki zaidi kwa pande zote mbili, na ndilo rahisi zaidi kukubaliwa, kwa kuwa mwenye fremu hapotezi shilingi. Chagua neno moja na ulitumie hilohilo kwenye mazungumzo, kwenye barua na kwenye karatasi ya makubaliano.

Zingatia pia kwamba kunyamaza si kukubali. Ukilipa nusu, na mwenye fremu akaipokea bila kusema neno, nusu iliyobaki bado ni deni. Kupokea kwake hakuonyeshi kwamba amesamehe.

Je, ni msimu au ni duka?

Kabla ya kuomba lolote, fungua daftari la mauzo. Kosa lililozoeleka ni kulinganisha Februari na Desemba iliyopita. Kwa kipimo hicho kila duka la Mpanda linakufa. Linganisha Februari ya mwaka huu na Februari ya mwaka jana. Zikikaribiana, basi ni msimu, na ahirisho litakufaa. Kisha linganisha Agosti na Agosti. Ikiwa hata Agosti, wakati mji una fedha, mauzo yako yameshuka sana kuliko Agosti iliyotangulia, tatizo liko kwingine. Huenda mshindani amefungua jirani, huenda bidhaa zimepitwa, au stendi imehamishwa na wapita njia wameondoka nayo. Katika hali hiyo ahirisho litakuongezea deni juu ya biashara isiyolipa, na jambo la kuzungumza na mwenye fremu ni namna ya kutoka kwenye mkataba.

Asiye na daftari anaweza kutumia taarifa za miamala ya simu na risiti za mashine ya kielektroniki. Hazionyeshi kila kitu, lakini zinaonyesha umbo la mwaka, na umbo hilo ndilo linalotafutwa.

Mfano wa hesabu

Tuchukue mfano uliotungwa kwa ajili ya maelezo haya. Mpangaji ana duka la viatu na nguo katika kata ya Kashaulili. Pango ni shilingi 150,000 kwa mwezi, yaani 1,800,000 kwa mwaka, na mkataba unataka lilipwe kwa mikupuo miwili ya 900,000, mmoja tarehe 1 Januari na mwingine tarehe 1 Julai.

Daftari lake linaonyesha faida ghafi, yaani kinachobaki katika mauzo baada ya kutoa bei aliyonunulia mzigo. Kuanzia Juni hadi Septemba ni shilingi 700,000 kwa mwezi. Oktoba na Novemba ni 450,000. Desemba, kwa sababu ya sikukuu, hupanda hadi 600,000. Januari hadi Aprili ni 260,000 tu kwa mwezi, na Mei huanza kuinuka hadi 400,000. Matumizi ya duka mbali na pango ni 135,000 kila mwezi: msaidizi 100,000, umeme wa LUKU 20,000 na mchango wa mlinzi 15,000.

Katika mwezi mgumu, basi, 260,000 ukitoa 135,000 hubaki 125,000. Pango la mwezi peke yake ni 150,000. Duka haliwezi kulipa pango la Februari hata kama nyumbani hawali kitu, na kudai 900,000 kwa mkupuo siku ya mwaka mpya ni kudai fedha ambayo haipo. Mwezi wa Julai, kwa upande mwingine, 700,000 ukitoa 135,000 hubaki 565,000. Duka hilihili linaweza kulipa pango la mwezi huo mara mbili na bado likabaki na fedha ya chakula.

Kutokana na hesabu hiyo mpangaji anaandaa ombi lake. Januari hadi Aprili atalipa nusu, 75,000 kila mwezi, na nusu nyingine itaahirishwa. Mei atalipa 150,000 kamili. Juni hadi Septemba atalipa 225,000 kila mwezi, yaani pango la mwezi pamoja na robo ya kilichoahirishwa. Oktoba hadi Desemba atarudi kwenye 150,000. Tujumlishe: miezi minne ya kwanza ni 300,000, Mei 150,000, miezi minne ya mavuno 900,000, na miezi mitatu ya mwisho 450,000. Jumla ni 1,800,000. Mwenye fremu amepata pango lake lote ndani ya mwaka uleule.

Kwa nini marejesho yaanze Juni na si Mei, wakati mavuno yameshaanza? Sababu ni mbili. Mkulima wa tumbaku hulipwa kupitia chama chake cha msingi cha ushirika, na kati ya siku ya kupimiwa na siku ya kushika fedha majuma huweza kupita. Halafu Mei ndiyo mwezi ambao mwenye duka mwenyewe anahitaji fedha ya kujaza mzigo kwa ajili ya msimu. Anayeahidi kulipa deni mwezi wa Mei hulilipa kwa mtaji, na Juni huwapokea wateja akiwa na rafu tupu. Ahidi tarehe ambayo fedha itakuwa imefika, na uongeze nafasi ya wiki chache.

Kukaa upande wa mwenye fremu

Mwenye fremu naye ana hesabu zake. Huenda alijenga kwa mkopo wa benki na rejesho linamngoja. Huenda ana wanafunzi wanaorudi shuleni Januari. Huenda ni mstaafu ambaye fremu tatu ndizo mshahara wake. Kabla ya kwenda kwake jaribu kufahamu ni lipi kati ya hayo linalomgusa, kwa kuwa ombi zuri ni lile linaloacha haja yake kubwa ikiwa imetimizwa.

Hoja yako yenye nguvu zaidi ni fremu tupu. Mpangaji akiondoka Januari, ni vigumu kumpata mwingine katikati ya mvua. Fremu ikikaa miezi miwili bila mtu, mwenye nayo amepoteza 300,000 moja kwa moja. Ahirisho la mfano wetu ni 300,000 pia, isipokuwa hiyo itarudi. Hesabu hii isemwe kwa upole, wala isigeuzwe kuwa tishio la kuhama.

Nayo ina mipaka yake, na ni haki kuitaja. Kama fremu yako iko mahali pa kugombewa, karibu na stendi au mlangoni mwa soko, na kuna watu walio tayari kutoa kilemba ili waipate, hoja ya fremu tupu haina nguvu. Hapo utategemea historia yako ya kulipa, na huenda ukalazimika kutoa kitu, kama vile kukubali kuongeza muda wa mkataba kwa mwaka mmoja zaidi.

Namna ya kwenda na siku ya kwenda

Nenda mapema. Kwa mkataba unaodai malipo tarehe 1 Januari, wakati wa kuzungumza ni Novemba, au wiki ya kwanza ya Desemba isipite. Anayeomba kabla ya tarehe anaomba mpango; anayeomba baada ya tarehe ni mdaiwa anayejieleza, na hata maneno yakiwa yaleyale hayasikilizwi kwa namna moja.

Usianze kwa barua. Kwa mazingira yetu, barua inayofika kabla ya mwenyewe huonekana kama shauri la mahakamani. Nenda kwa miguu yako, ukaamkie, ukaulize habari za nyumbani na za shamba, kisha ueleze jambo lako ukiwa na daftari mkononi. Baada ya mazungumzo ndipo barua ifuate ikiyaweka maneno mahali pamoja. Inaweza kuwa fupi kama hii:

"Mzee wangu, shikamoo. Kufuatia mazungumzo yetu ya tarehe 20 Novemba, naomba kuahirishiwa sehemu ya pango la fremu namba 4. Naomba nilipe shilingi 75,000 kila mwezi kuanzia Januari hadi Aprili, na kiasi kilichobaki, jumla shilingi 300,000, nikilipe kwa mafungu manne ya shilingi 75,000 pamoja na pango la miezi ya Juni, Julai, Agosti na Septemba. Sababu ni kushuka kwa mauzo katika msimu wa mvua, kama nilivyokuonyesha katika daftari. Bei ya pango haibadiliki. Naomba jibu lako kabla ya tarehe 10 Desemba ili nijipange."

Barua hii haina malalamiko juu ya hali ya uchumi wala sifa kwa msomaji wake. Kiasi, miezi na tarehe ya jibu vipo, na msomaji hahitaji kukisia anaombwa nini.

Hakikisha pia kwamba unayezungumza naye ndiye mwenye uwezo wa kukubali. Fremu nyingi husimamiwa na mtoto wa mwenye nyumba, ndugu au dalali. Msimamizi anaweza kuwa na ruhusa ya kupokea fedha bila kuwa na ruhusa ya kuahirisha. Kama mwenye fremu yuko Dar es Salaam au Mbeya, msimamizi na ampigie simu mbele yako, na karatasi iende kusainiwa naye. Kama amefariki, anayeweza kukubali ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Mtoto mmoja kati ya watano hana uwezo huo peke yake.

Fremu za halmashauri ni habari nyingine. Kwa vizimba na maduka ya soko yanayomilikiwa na Halmashauri ya Manispaa ya Mpanda, ofisa anayekusanya malipo hawezi kuahirisha kwa hiari yake, kwa kuwa hayo ni mapato ya umma. Ombi huandikwa kwa Mkurugenzi, na ni busara liandikwe na wapangaji wengi kwa pamoja. Palipo na mtu wa kati, yaani aliyepanga kwa halmashauri kisha akakupangisha wewe kwa bei ya juu, unafuu atakaokupa yeye hauifungi halmashauri. Asipolipa huko juu, aliye hatarini kukuta kufuli mlangoni ni wewe uliomo ndani.

Mwenye fremu akijibu kwa ombi lake

Mara chache ombi hukubaliwa kama lilivyoletwa. Turudi kwenye mfano. Mwenye fremu anasema hana ugomvi na ahirisho, lakini ana ada ya watoto wawili na vipande vya 75,000 kila mwezi havitamsaidia. Anataka 300,000 za miezi minne zote kwa pamoja tarehe 5 Januari.

Kwa haraka linaonekana sharti gumu. Daftari linasema vingine. Pango la Julai hadi Desemba lilishalipwa kwa mkupuo wa Julai, kwa hiyo Novemba duka lilibaki na 315,000 na Desemba 465,000 baada ya matumizi yake. Kama nyumbani hutumia 200,000 kwa mwezi, miezi hiyo miwili imeacha 380,000. Mpangaji anaweza kulipa 300,000, na kuanzia hapo hadi mwisho wa Aprili hadaiwi pango. Ile 125,000 ya kila mwezi inabaki yote kwa ajili ya nyumbani, ilhali kwa ombi lake la kwanza zingebaki 50,000 tu, ambazo kwa kweli zisingetosha. Ombi la mwenye fremu ni bora kuliko la mpangaji mwenyewe. Haya hayaonekani kwa mtu aliyekuja kuomba huruma bila karatasi.

Kuna majibu mengine yanayostahili kukataliwa. La kwanza ni kutumia amana uliyoweka mwanzoni mwa mkataba kama pango la miezi migumu. Linavutia, lakini siku ya kuondoka hutakuwa na amana ya kudai, na uharibifu wowote utakaotajwa utaulipia mfukoni. La pili ni riba au "faini ya kuchelewa" juu ya kiasi kilichoahirishwa. Kilichoahirishwa kwa makubaliano hakijachelewa, na hilo liandikwe.

Karatasi ya makubaliano

Mkikubaliana, andikeni nyongeza ya mkataba. Haihitaji lugha ya kisheria. Itaje mkataba wa awali kwa tarehe yake, ieleze kiasi kinachoahirishwa na tarehe za kukilipa, kisha iwe na maneno ya namna hii: "Kiasi kilichoahirishwa hakina riba wala faini. Mwenye fremu hatavunja mkataba kwa sababu ya kiasi hicho, mradi mpangaji analipa kwa tarehe zilizotajwa hapa. Masharti mengine yote ya mkataba wa awali yanaendelea, na amana haijaguswa." Bila sentensi ya pili, kifungu cha mkataba wa awali kinachosema asiyelipa ndani ya siku kadhaa atatolewa kinabaki na nguvu yake, na mpangaji aliyeahirishiwa kwa mdomo mwezi Januari anaweza kuondolewa kwa deni hilohilo mwezi Machi, hasa jengo likiuzwa na mwenye nyumba mpya asijue lolote kuhusu mazungumzo yenu.

Pande zote zisaini kila nakala, kila upande uwe na shahidi, na kila mmoja abaki na nakala yake. Wengi hupenda kusaini mbele ya mwenyekiti wa mtaa au wakili, na ni desturi nzuri. Kagua pia kama mkataba wa awali ulilipiwa ushuru wa stempu, kwa kuwa mkataba usiolipiwa hauwezi kupokelewa kama ushahidi hadi ushuru huo ulipwe, na karatasi inayouegemea huyumba pamoja nao.

Malipo yafanyike kwa njia inayoacha alama, benki au simu, na kila malipo yatajwe ni ya nini: "pango Julai" na "ahirisho fungu la 2" ni vitu viwili tofauti hata vikitumwa siku moja. Ukilipa 225,000 bila maelezo, mwenye fremu anaweza kuzihesabu kama pango la mwezi na nusu ya mwezi ujao, na Septemba mtakuwa na hesabu mbili.

Kodi ya zuio

Mpangaji anayelipa pango kwa ajili ya biashara anatakiwa kukata asilimia 10 ya pango kama kodi ya zuio na kuiwasilisha TRA ndani ya siku saba baada ya mwisho wa mwezi wa malipo. Kodi hiyo ni ya mwenye fremu. Mpangaji huibeba tu hadi TRA. Katika mfano wetu, tarehe 5 Januari mwenye fremu anapokea 270,000, na 30,000 zinakwenda TRA kwa jina lake. Zuio hufuata malipo: kilichoahirishwa hadi Juni kinakatwa Juni.

Lizungumzwe hili siku ileile ya makubaliano. Aliyetarajia 300,000 mkononi kwa ajili ya ada akipewa 270,000 ataona amepunjwa, na mpango mzima utaanza kwa kutoaminiana. Mpe hati ya kodi iliyolipwa, naye ataitumia katika hesabu zake.

Ahadi ikishindikana

Mwaka unaweza kuharibika. Mvua ikikatika mapema au malipo ya mazao yakachelewa, Juni inaweza kufanana na Machi. Ukiona kufikia katikati ya Juni kwamba 225,000 haitapatikana, mwambie mwenye fremu kabla ya tarehe, lipa angalau pango la mwezi, na uombe fungu la ahirisho pekee lisogezwe. Kulipa pango la mwezi kikamilifu huku fungu likisogea huonyesha kwamba duka linajimudu. Kulipa sehemu ya kila kimoja hakuonyeshi kitu.

Mkishindwa kuelewana, mgogoro wa pango hupelekwa kwanza katika Baraza la Kata, ambalo siku hizi kazi yake ni kusuluhisha na si kuamua. Usuluhishi ukishindikana, shauri linaweza kwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Chukua mkataba, nyongeza, barua na kumbukumbu za malipo. Usisimamishe pango lote kwa hasira wakati shauri linaendelea. Mdai wa haki mwenye malimbikizo ya miezi mitano huwa na kazi kubwa ya kujieleza.

Kurekebisha tarehe kwa kudumu

Ahirisho la mwaka mmoja likitimizwa vizuri, Septemba ndio wakati wa kuomba mabadiliko ya mkataba wenyewe. Badala ya mikupuo miwili ya 900,000, mpangaji wetu anaweza kupendekeza mitatu ya 600,000: mwisho wa Desemba kwa ajili ya Januari hadi Aprili, mwisho wa Julai kwa ajili ya Mei hadi Agosti, na mwisho wa Septemba kwa ajili ya miezi iliyobaki. Bei ni ileile. Mwenye fremu anapata fedha ya ada kabla shule hazijafunguliwa, na mpangaji hadaiwi kitu kuanzia Januari hadi Julai.

Mwaka wa kwanza wa kuhama ndio mgumu, kwa kuwa mkupuo wa Desemba hukutana na pango la kila mwezi la Oktoba hadi Desemba. Kwa daftari lile tulilotumia inawezekana, ila kwa sharti la kutenga kama 140,000 kila mwezi kati ya Juni na Septemba, na fedha hiyo isikae katika droo ya duka pamoja na ya kununulia mzigo.